Ami, Nimehamia kwa Lori

Barua yenyewe ni ukurasa mmoja tu wa daftari la mistari, lakini ilinichukua wiki tatu kuiandika. Sijawahi kumwandikia mtu barua ya kuachana, hata wale waliostahili. Hii ya kwanza nimemwandikia mzee mwenye duka la jumla Garsen, ambaye hatuna undugu wowote ila tunamwita Ami, kama alivyomwita mamangu kabla yangu.

Mimi nauza duka Wema. Ndiyo, kuna kijiji kinaitwa Wema, kiko huku kwenye delta ya Mto Tana, na utani wote unaoufikiria sasa hivi tayari tumeshausikia. Duka alilianzisha Mama. Mimi nilirudi nyumbani 2019 baada ya Nairobi kunishinda kistaarabu, nikakabidhiwa ufunguo, mizani, na daftari lenye jalada la bluu. Daftari hilo ndilo Ami. Ukurasa wa kushoto ni mali tuliyochukua kwake, wa kulia ni pesa tulizolipa. Hatujawahi kutia sahihi popote.

Sasa kuna lori. Ni kenta ya holsel mmoja wa Malindi. Inapita kila Jumanne. Unatuma oda kwa WhatsApp Jumapili, mali inashushwa mlangoni kwako, unalipa kwa M-Pesa kabla turubai halijafunikwa tena. Hakuna daftari. Kijana wa lori hajui jina la mamangu na hana haja nalo. Bei zake ziko chini.

Wengi wetu katika hali hii hatuandiki barua. Tunanyamaza. Unaanza kuchukua kidogo kwa mzee, halafu kidogo zaidi kidogo, halafu ukiwa Garsen unapita njia ya nyuma ya stendi ili msikutane macho. Mzee anajua, wewe unajua anajua, na mkikutana msibani mnasalimiana kwa ukunjufu wa ajabu. Nilitaka kufanya hivyo hivyo. Kilichonizuia si uadilifu, ni Mama. Aliniuliza siku moja huku akichambua mchele, “Ami umemwambia, ama unamwachia asikie kwa boda?”

Basi nikakaa chini. Barua ya kwanza ilisema nahama kwa sababu ya wateja. Ilikuwa barua nzuri sana. Ilisema maisha yamepanda, watu wa Wema ni wakulima, mimi siwezi kuwauzia unga ghali kwa ajili ya urafiki wangu na mtu wa Garsen. Niliisoma kwa sauti nikajisikia kama mbunge. Halafu nikachukua kikokotoo.

Nikupe hesabu yenyewe, maana ndipo aibu yangu ilipoanza. Beli ya unga, yaani pakiti 12 za kilo 2, kwa Ami ni shilingi 1,780, na boda kutoka Garsen anataka 50. Pakiti moja inanifikia kwa 152 na nusu, naiuza 170. Kwa lori beli ni 1,690 mlangoni, pakiti inanifikia kwa karibu 141. Nikaamua nitaiuza 160. Nauza beli 10 kwa wiki, pakiti 120. Tofauti yote ni shilingi 1,400 kwa wiki, na katika hizo 1,200 zinarudi kwa wateja. Mimi nabaki na 200. Mpaka hapo barua yangu ilikuwa inasema kweli.

Sukari sasa. Mfuko wa kilo 50 kwa Ami ni 7,100 na boda 150. Lori ni 6,650. Nauza mifuko 2 kwa wiki, kwa hivyo tofauti ni 1,200. Nilikuwa nimepanga kupunguza kilo kutoka 160 hadi 155, na nilijiona mkarimu. Kwa kilo 100 wateja wanapata 500. Mia saba zilizobaki ni zangu. Halafu kuna jerikeni ya mafuta ya lita 20, ile ya kupima. Kwa Ami 4,600 na boda 100, kwa lori 4,350. Tofauti 350, na bei ya kupima sikuwa na mpango wa kuigusa hata kidogo. Mtu akija na chupa yake ya soda kutaka mafuta ya 20 hajui lita 20 zilinigharimu nini.

Jumlisha: tofauti yote ni 2,950 kwa wiki. Wateja 1,700, mimi 1,250. Kumbe katika kila shilingi 100 nilizokuwa naziita za wateja, zaidi ya 40 zilikuwa zinaingia mfukoni mwangu. Si dhambi kupata faida, kwani duka ni la nini? Lakini kumwambia mtu kwamba unamwacha kwa huruma ya watu wengine, ilhali karibu nusu ya hiyo huruma inakwenda kwako, hapo kuna kitu. Nikaichana.

Ila hesabu hiyo ilinipa swali ambalo sikuwa nalo kabla, na ndilo limenifanya niandike makala hii. Mimi nina deni la fadhila kwa Ami. Sawa. Lakini nikiendelea kununua kwake ili kulilipa, ni nani hasa anayelipa? Nikichukua unga wa Ami, shilingi 10 za kila pakiti zinatoka kwa mama aliyekuja na mtoto mgongoni saa mbili usiku, ambaye hakuwepo wakati Ami ananisaidia na hata jina la Ami hajalisikia. Mimi nabaki nikiitwa mwaminifu. Uaminifu wa kugharamiwa na mtu mwingine, bila kumuuliza, unaitwaje?

Deni lenyewe lilianzia wapi? Novemba 2023, mvua za El Nino. Aliyekuwa Tana River anakumbuka. Mto ulitoka kitandani mwake ukaingia mashambani, migomba ikasimama majini, barabara ikapotea. Dukani kwangu zilibaki pakiti 4 za unga, chumvi na kiberiti. Sikumpigia Ami. Yeye alinipigia mimi, akauliza, “Mna nini huko?” Siku ya pili yake mali ikafika, mwanzo kwa trekta, kisha kwa mtumbwi, imefunikwa karatasi za nailoni: unga, sukari, mafuta, mishumaa. Mali ya shilingi 38,000, kwa bei ileile ya kabla ya maji. Sikuwa na hata elfu tatu. Nikawakopesha watu, kwa sababu shamba likiwa chini ya maji mtu atakulipa na nini? Wao wakanilipa polepole, mimi nikamaliza deni la Ami mwisho wa Machi. Katika miezi yote hiyo hakunipigia hata mara moja kuuliza pesa. Alikuwa akipiga kuuliza maji yamefika wapi.

Barua yangu ya pili ilijaribu kulifuta deni hilo kwa hesabu. Nilifikiri hivi: kama ningekopa 38,000 kwa simu, tuseme kwa asilimia 8 kwa mwezi, miezi minne ingenigharimu 12,160. Na tangu lori lianze kupita mwaka jana mimi nimeendelea kununua kwa Ami kwa tofauti ya 2,950 kila wiki. Kwa mwezi ni 11,800. Yaani kwa wiki tano tu nilikuwa nimeshalipa riba yote ambayo Ami hakunitoza! Na zimepita wiki nyingi zaidi ya tano. Tumelipana. Tuko sawa. Asante na kwaheri.

Rafiki yangu mmoja anayefundisha sekondari, mtu wa vitabu, nilimsomea hiyo barua kwa simu akacheka. Akaniambia Aristoteli aliliona jambo hili zamani, katika kitabu chake cha maadili, pale anapozungumzia urafiki wa faida. Anasema malalamiko mengi hutokea katika urafiki wa namna hiyo, kwa sababu aliyepokea, siku zikipita, hukidogosha alichopewa na kusema kingepatikana popote, na aliyetoa naye hukikuza na kusema alitoa kikubwa kuliko vyote, wakati wa hatari. Kisha anauliza kipimo kiwe nini, gharama ya mtoaji au manufaa ya mpokeaji? Jibu lake ni kwamba katika urafiki wa faida kipimo ni manufaa aliyopata mpokeaji, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na shida.

Nilikaa na hilo usiku mzima. Ni kweli nilikuwa nakidogosha. Riba ya simu ni kipimo cha pesa, na wiki ile pesa haikuwa na kazi. Hata ningekopeshwa laki moja kwa simu, ningenunua nini, na kutoka wapi? Unga haukuwepo. Alichonipa Ami hakikuwa mkopo wa 38,000. Alinipa mtumbwi, na mtu aliyekubali kuusukuma, na nafasi ya mbele kwenye foleni ya mali wakati kila kijiji kinataka mali. Vitu hivyo havina bei kwenye kikokotoo changu, na ndiyo maana nilikuwa nimevihesabu kuwa bure.

Na nikagundua kitu kingine: vitu hivyo ndivyo vilivyo ndani ya ile tofauti ya 90 ya beli ya unga. Mzee huyu ana maduka madogo mengi kwenye daftari zake. Wako wanaolipa Ijumaa kwa Ijumaa, wako wanaolipa baada ya mavuno, wako waliohama na deni lao. Anayelipa vizuri anamlipia asiyelipa, kidogo kidogo, ndani ya bei. Pesa ambayo holsel wa Malindi anaizungusha mara nne kwa mwezi, kwa Ami imelala Hewani, imelala Kulesa, imelala kwangu. Lori haliuzi kwa bei ya chini kwa sababu lina roho nzuri. Linauza hivyo kwa sababu halimkopeshi mtu. Maji yakija halitakuja.

Sasa fikiria lori linawachukua akina nani. Linawachukua sisi wenye pesa mkononi Jumanne asubuhi. Wale wasio nazo wanabaki kwa Ami. Yaani Ami anabaki na wanaochelewa kulipa peke yao, bila sisi tuliokuwa tukimsawazishia mzigo. Itabidi apandishe bei au apunguze kukopesha. Kuna dada hapa anauza kibanda karibu na shule, mtaji wake hauzidi beli 2. Mimi nikihama, Ami akipandisha, atakayelipa ni huyo dada. Kwa hivyo ile hoja yangu ya kwanza, kwamba uaminifu wangu unagharamiwa na watu wengine, ina pande mbili. Kuhama kwangu nako kunagharamiwa na watu wengine. Ni wengine tofauti tu.

Hapo nilikwama. Nikaanza barua ya tatu, ya kumwomba Ami ashushe bei, nikaiacha katikati. Ningekuwa namwomba nini? Aniuzie kwa bei ya lori, na bado aniwekee mtumbwi. Hiyo si kutafuta bei, ni kutaka bima bila kuilipia. Na ukimwambia muuzaji “nishushie ama nahama,” wakati tayari unajua hawezi, umemfanya yeye aonekane ndiye aliyekufukuza. Ni ujanja wa watu wanaotaka kuondoka wakiwa safi.

Pia sikuwa na uhakika na lori. Bei ya chini si ahadi. Wengine mnaikumbuka Copia, iliyokuwa ikiwauzia watu wa vijijini kupitia mawakala wenye maduka, bidhaa zikiletwa hadi mtaani. Ilikuwa na wawekezaji wakubwa nyuma yake, na bado Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Wa kenta ya Malindi wanaweza kuamua kesho kwamba njia ya Wema hailipi mafuta ya gari. Hilo nililifikiria kama hoja ya kubaki, halafu nikaona si hoja ya kimaadili, ni woga wa biashara umevaa kanzu. Ningebaki kwa Ami kwa sababu naogopa, halafu niite uaminifu.

Kilichonifungua ni ule mstari wa mafuta kwenye hesabu. Shilingi 350. Kwenye unga, karibu tofauti yote ni ya wateja, sina ruhusa ya kuitoa zawadi kwa Ami. Kwenye sukari tunagawana. Lakini kwenye mafuta yote ilikuwa yangu. Najua, najua, ningeweza kushusha bei ya kupima ikawa ya wateja pia. Lakini jinsi mambo yalivyo dukani kwangu leo, 350 ndiyo pesa pekee katika ile 2,950 ambayo nikimpa Ami hakuna aliyeibiwa. Fadhila alinifanyia mimi. Basi ilipwe na mimi, kutoka mfukoni mwangu, hata kama mfuko wenyewe ni mdogo kiasi hiki.

Na yule dada wa kibanda? Kwake sina jibu zuri. Nimemwambia aweke oda yake ndani ya yangu siku za Jumapili, anilipe Jumamosi inayofuata. Beli 2 naweza kuzibeba. Kibanda cha tatu siwezi, nimeshapiga hesabu.

Barua iliyokwenda ni hii:

“Ami, shikamoo. Mama anakusalimu.

Kuanzia Jumanne ijayo unga na sukari nitachukua kwa lori la Malindi. Bei yao iko chini kwa 90 kwenye beli na 450 kwenye mfuko, na wanashusha mlangoni. Unga nitashusha 10 kwa pakiti. Kwenye sukari nitashusha 5 tu, nyingine nabaki nayo mimi, sitaki usikie kwamba yote ni ya wateja.

Sikukuomba ushushe bei kwa sababu najua kilicho ndani ya bei yako. Nimekula humo. Mwaka 2023 Wema ilikula humo.

Mafuta nitaendelea kuchukua kwako, jerikeni moja kila wiki, kwa pesa taslimu. Sifanyi hivyo ili uniwekee nafasi. Maji yakija tena sitakupigia simu kuomba mali ya mkopo. Wape wanaonunua kwako. Nikikupigia siku hiyo, itakuwa kukujulia hali.

Deni lililobaki kwenye daftari langu ni 6,400. Ninazo, nimekuja nazo. Nimeona nikuletee mwenyewe kuliko usikie barabarani.

Mwanao wa Wema.”

Nilimpelekea Alhamisi. Alikuwa amekaa pale anapokaa, kati ya mizani na magunia ya maharagwe, miwani imening'inia kifuani. Nilitaka kuiacha barua nikimbie ila alinionyesha kiti. Akasoma polepole, kidole kikifuata mistari, na alipofika kwenye namba akarudi nyuma akazisoma tena. Mimi nikawa nahesabu chupa za jiki kwenye rafu.

Alipomaliza hakusema lolote kuhusu 2023. Alivuta daftari lake, akafungua ukurasa wetu, akaniambia deni ni 6,150, si 6,400. “Ile jerikeni iliyovuja nilikukatia. Hukuandika?” Sikuandika. Nikahesabu pesa, akapiga mstari chini ya jina la Mama, mstari mmoja ulionyooka, kwa rula.

Kisha akavaa miwani vizuri na kuichukua barua tena.

“6,650 mfuko,” akasema. “Mlangoni?”

“Mlangoni, Ami.”

“Mimi mwenyewe siupati kwa 6,650 nikiufuata kwa gari langu.” Akatoa simu yake, ile ya vitufe, akaisogeza karibu na macho. “Hebu nitajie namba ya hao watu wa lori.”